Uzoefu wangu wa kupandisha video YouTube: kwa nini 1080p inatoka na ukungu, na ninavyoikwepa

Nitaanza na hukumu, maelezo yafuate. Kwa video ya mtu aliyekaa kitini akiongea, YouTube ya 1080p inatosha kabisa na sina la kuongeza. Kwa video ya ngoma, harusi, mvua, bahari au uwanja wa mpira, 1080p ya kawaida naipa alama 2 kati ya 5, na video ile ile ikipandishwa kama 1440p naipa 4. Kamera ni ile ile na mhariri ni yule yule. Kinachobadilika ni namna YouTube inavyoibana.

Kabla ya kulaumu mbano, hakikisha kwanza ni ukungu wa aina gani. Simamisha video mahali ambapo hakuna kinachotembea, tuseme ukuta na mabango nyuma ya watu. Kama hata hapo maandishi hayasomeki, unaangalia toleo dogo. Ama kicheza video kimejipunguzia ubora chenyewe kwa sababu mtandao ni mzito, ama toleo kubwa bado linapikwa. YouTube hutengeneza kwanza toleo dogo ili video ionekane mapema, kisha 1080p na zaidi hufuata baadaye, na kwa video ndefu ya 4K kusubiri kunaweza kwenda saa kadhaa. Fungua `Quality`, toa `Auto`, uone kama 1080p ipo kwenye orodha. Kama haipo, hujaharibu kitu, subiri tu. Ndiyo maana napandisha ikiwa `Private` au `Unlisted`, na siitangazi mpaka ubora wote utokee. Watazamaji wa saa ya kwanza ndio wanaosambaza kiungo, na ni hasara wakikutana na 360p.

Kama ukuta ni mkali lakini watu wakianza kucheza nguo zinageuka uji, halafu wakitulia picha inarudi, huo sasa ni mbano. Dalili yake nyingine ni picha kama inapumua: kila baada ya sekunde chache inajisafisha ghafla, kisha inaanza kuchakaa tena. Hiyo ni fremu kamili mpya ikiingia. Fremu zinazofuata huhifadhi zaidi mabadiliko tu, na mabadiliko yakiwa mengi kuliko nafasi iliyopo, kitu cha kwanza kutupwa ni chembe ndogo ndogo: nyuzi za kitambaa, majani ya mnazi, shanga za bibi harusi.

Hesabu yenyewe inaeleza zaidi. Video ya 1080p yenye fremu 30 kwa sekunde, kabla ya kubanwa kwa namna yoyote, ni takribani megabiti 746 kwa sekunde. Simu nzuri huirekodi kwa megabiti 17 hivi. YouTube inapendekeza uipe faili la megabiti 8. Lakini anachopelekewa mtazamaji si faili lako, hata ukipandisha la megabiti 100. Kila video inabanwa upya, na toleo la 1080p la aina ya kawaida mara nyingi huishia kati ya megabiti 2 na 4. Chukua kipande cha dakika 3 cha msafara wa bibi harusi akiingia ukumbini, tarumbeta mbele na karatasi za rangi zikimwagwa juu. Kwenye simu kina megabaiti 380 hivi (megabiti 17 mara sekunde 180, gawa kwa 8). Kwa mtazamaji, ukikadiria megabiti 3, kimebaki cha megabaiti 68. Zile karatasi za rangi ndizo zinazoua kila kitu, kwa sababu kila moja inakwenda njia yake na kodeki, yaani mfumo wa kubana video, haina pa kunakili kutoka fremu iliyopita. Uso wa bibi harusi unakosa biti kwa sababu ya takataka zinazoelea mbele yake!

Watu wengi hudhani 1080p ni 1080p. Sivyo. YouTube ina kodeki zaidi ya moja. Ya zamani ni H.264, kiwango cha mwaka 2003, ambayo inakata picha katika vipande vya pikseli 16 kwa 16. VP9 ya mwaka 2013 inaanza na vipande vya 64 kwa 64 na kuvigawa inavyohitaji, kwa hiyo kwa biti zile zile inabakiza zaidi. Video ya 1080p kutoka kwa chaneli ndogo mara nyingi hupewa H.264 peke yake, ilhali video zinazotazamwa sana hupewa VP9 pia. Ila matoleo ya 1440p na 4K hayatengenezwi kwa H.264 kabisa. Ukipandisha faili la 1440p, video nzima inapitishwa njia ya VP9, na hata anayeitazama kwa 1080p au 720p anafaidika.

Kujua umepewa ipi ni rahisi kwenye kompyuta. Bofya video kwa kitufe cha kulia, chagua `Stats for nerds`, uangalie mstari wa `Codecs`. Ukiona `avc1`, hiyo ni H.264. `vp09` ni VP9, na `av01` ni AV1, iliyo mpya zaidi. Juu yake kuna `Current / Optimal Res`. Namba ya kwanza ndiyo unayoonyeshwa kweli, na ikiwa ndogo kuliko ulichopandisha, rudi kwenye suala la mtandao na kusubiri.

Basi dawa ninayotumia ni kuikuza picha kabla ya kuipandisha. Kwenye programu ya kuhariri, weka mradi au faili la kutoa kuwa 2560 kwa 1440 badala ya 1920 kwa 1080, fremu zibaki zile zile za kamera, na bitireti, yaani biti kwa kila sekunde, isipungue megabiti 16 kama ni fremu 30. Mimi huweka 30, kwa sababu faili langu litabanwa tena na sitaki makovu mawili juu ya picha moja. Kama video imeshatolewa na mradi umefutwa, ffmpeg, programu ya kubadili video kwa amri za kuandika, inafanya kazi hiyo:

```
ffmpeg -i msafara.mp4 -vf "scale=2560:1440:flags=lanczos" -c:v libx264 -preset slow -crf 16 -pix_fmt yuv420p -c:a copy -movflags +faststart msafara_1440.mp4
```

`crf 16` inaamuru ubora badala ya bitireti. Namba ikishuka, faili linakuwa kubwa. Sauti inanakiliwa bila kuguswa. `faststart` inahamishia faharasa ya faili mwanzoni, jambo ambalo YouTube yenyewe inalipendekeza. Kwa video ya wima geuza vipimo viwe 1440:2560, vinginevyo watu watanenepa.

Tuelewane hapa: kukuza hakuleti hata chembe moja ambayo kamera haikuiona. Kilichonunuliwa ni kodeki bora na biti zaidi. Gharama yake ni bando. Kipande kile cha dakika 3 kwa megabiti 30 kinafika megabaiti 675, karibu mara mbili ya faili la simu, na harusi nzima ya saa moja ni gigabaiti 13 na nusu. Kwa video ndefu hushuka hadi megabiti 16, na saa moja inakuwa gigabaiti 7.2. Pia simu au televisheni ya zamani isiyofungua VP9 itapewa `avc1` tu, hata ufanye nini.

Upande wa pili wa dawa ni kuipunguzia kodeki kazi. Ukumbi wenye taa hafifu unaifanya simu iongeze wepesi wa kunasa mwanga, na hapo ndipo zinapoingia zile chenga zinazotetemeka kwenye giza. Kwa kodeki chenga ni habari mpya kila fremu, kama karatasi za rangi, ila hazina faida kwa mtu yeyote. Zikisafishwa kidogo kabla, biti zinarudi kwenye nyuso. Kwenye amri ile ile, badilisha sehemu ya `-vf` iwe hivi:

```
-vf "hqdn3d=1.5:1.5:4:4,scale=2560:1440:flags=lanczos"
```

Usizidishe namba hizo. Nyuso zikianza kuonekana kama nta umepita kiasi, na hilo halitibiki baadaye. Na zile athari za kuongeza ukali zinazopendwa kwenye programu za simu nazichukia: zinachora kingo bandia kuzunguka kila chenga, na kodeki inazilipia kingo hizo kana kwamba ni za kweli. Fremu 60 nazo zina mtego wake. Toleo la fremu 60 linaongezewa biti, lakini si mara mbili, kwa hiyo kila fremu inapata pungufu ya haki yake. Nabakiza 60 kwa mpira tu.

Ukungu ambao YouTube haihusiki nao hata kidogo ni ule unaotoka WhatsApp. Mpiga picha anamtumia mhariri kipande kwa gumzo la kawaida, WhatsApp inakibana, mhariri anatoa 1080p juu ya picha iliyokwisha pungua, kisha YouTube inabana mara ya tatu. Hapo 1440p haiokoi kitu. Kabla ya kuhariri, pima faili ulilopokea:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=width,height,bit_rate -of default=nw=1 kipande.mp4
```

Ukiona upana wa 848 au 1280 kutoka kwa mtu aliyeapa amerekodi 1080p, au bitireti iliyo chini ya 3000000, omba faili la asili. Alitume WhatsApp kama hati, siyo kama video. Kwa njia hiyo halibanwi, na kikomo ni gigabaiti 2. Likizidi hapo, kadi ya kumbukumbu na bodaboda ni njia halali kabisa.

Kwa mahojiano ya kukaa, masomo ya ubaoni na video za kuonyesha kioo cha kompyuta nisingemshauri mtu ajitese na 1440p kwa ajili ya uso wa mzungumzaji; ukuta wa nyuma hautembei, na H.264 inaubeba bila shida. Isipokuwa pale ambapo kuna maandishi madogo yanayosogea juu na chini. Hapo narudi 1440p bila kufikiri mara mbili.