GIMP kwa picha za mahafali: kuondoa kitu ukijua kitarudi

Kwa picha za mahafali, kama zile za UDOM, naikubali GIMP kwa jambo moja hasa: mteja akigeuza mawazo, kilichoondolewa kinarudi. Programu hii ya kuhariri picha ni ya bure, ila haikukingi usipoipanga kazi vizuri tangu mwanzo.

Chukua picha ya familia ambayo nyuma yao kumeegeshwa bodaboda. Mteja anasema itolewe. Kesho yake anapiga simu kwamba ni pikipiki ya baba, irudi. Ndiyo maana picha ya asili siigusi kabisa. Juu yake natengeneza leya mpya tupu, yaani `Transparency`, naiita "bodaboda". Nachukua `Clone`, naweka tiki kwenye `Sample merged`, nabonyeza Ctrl na kugusa udongo ulio karibu, kisha napaka juu ya pikipiki. Rangi inaingia kwenye leya mpya tu. Kuirudisha pikipiki ni kuzima jicho la leya hiyo. Kivuli chake pia nakifunika humo humo, maana ukikiweka kwenye leya nyingine ukaja kuisahau, pikipiki itarudi ikielea hewani.

Mara nyingi udongo uliopakwa unamwagikia pindo la joho. Hapo situmii kifutio. Naingia `Layer > Mask > Add Layer Mask`, nachagua `White (full opacity)`, napaka nyeusi kwenye pindo na joho la asili linatokeza. Nikizidisha napaka nyeupe. Kitufe cha X kinabadilishana rangi hizo mbili. Ukiona pindo lina ukungu wa udongo, `Opacity` ya brashi yako haikuwa asilimia 100. Shika Alt ubonyeze kijipicha cha maski: sehemu za kijivu ndizo hazijakamilika.

Kosa linalouma ni kupaka nyeusi kwenye leya yenyewe badala ya maski. Dalili yake ni doa jeusi kwenye picha. Rudisha hatua nyuma, bonyeza kijipicha cha maski, ndipo uendelee. Na `Apply Layer Mask` usiiguse: inakata moja kwa moja, maski inapotea.

Toleo la 3.0, la mwaka 2025, limeleta filta unazoweza kuzirekebisha baadaye, lakini `Clone` bado inapaka pikseli, kwa hiyo leya tupu haiepukiki. Kinachonikera ni `Sample merged` kuchota kila kinachoonekana. Kama juu kabisa kuna leya ya kuongeza mwanga, udongo unachotwa ukiwa umeshang'azwa, halafu unang'azwa tena, unabaki baka jeupe. Zima leya hiyo kwanza.

Hifadhi kwa XCF, faili la GIMP yenyewe linalotunza leya na maski. JPEG ya mteja inabana leya zote kuwa moja, na historia ya Ctrl+Z haibaki ukifunga faili, hata likiwa XCF.