Waya wa mita 10 ulioniharibia mlio wa gitaa

Nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande. Nilinunua waya huu juzijuzi ili nisiwe nimefungwa karibu na amplifaya jukwaani. Nilipochomeka, gitaa langu aina ya Stratocaster, lenye pikapu za koili moja, vile vinasa mtikisiko wa nyuzi, likapoteza ule ukali wake wote. Mlio ukawa kama nimelifunika blanketi.

Nikaurudisha dukani. Muuzaji akachukua mita ya kupimia umeme, akagusisha huku na huku, ikalia pii. "Bosi, waya mzima huo. Waya ni waya. Labda gitaa lako limechoka." Gitaa langu limechoka! Mbele ya wateja!

Hiyo pii inathibitisha tu kwamba waya haujakatika. Angeweka mita kwenye kipimo cha kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, waya ukiwa haujachomekwa popote, ncha moja ya mita kwenye pini ya jeki na nyingine kwenye ganda lake, angeona jambo lenyewe. Mimi nilipopima nyumbani nilipata kama pikofaradi 1,000, yaani 100 kwa kila mita. Shaba ya katikati, plastiki, na wavu wa nje: hiyo ni kapasita tosha, na kila mita unayoongeza inaikuza.

Pikapu nayo ni koili ya maelfu ya mizunguko. Ya kwangu ina indaktansi ya henri 2.4 hivi. Koili na kapasita zikikutana zinatengeneza kilele: masafa fulani yanapandishwa, na yaliyo juu yake yanaporomoka haraka. Kwa waya wangu wa zamani wa mita 3, ukijumlisha pikofaradi 150 hivi za pikapu yenyewe na mlango wa amplifaya, unapata 450, na kilele kinakaa karibu na kilohezi 4.8. Kwa huu mpya jumla ni 1,150, kilele kinashuka hadi kilohezi 3. Kumbe ukali haukupotea njiani tu, kilele chenyewe kimehama. Ndiyo maana kuongeza trebo kwenye amplifaya hakukunisaidia. Kulileta kelele tu.

Kilichoniokoa ni pedali yenye bafa, saketi inayoitenga pikapu na waya unaofuata, niliyoiweka karibu na gitaa kwa kipande kifupi cha waya, ndipo mita 10 zikafuata. Pikapu ikawa haiuoni tena ule waya mrefu. Ukiiweka mwishoni, pale kwenye amplifaya, umechelewa.

Sasa, niseme ukweli japo unaniuma: juzi kwenye mazoezi niliitoa bafa, nikapiga solo yenye mtikiso mzito wa distoshani, na kile kilele cha kilohezi 3 kikaipa sauti unene ambao waya mfupi hautoi. Mpiga besi akaniuliza nimebadilisha pikapu lini. Basi waya nautolea nyota tatu, labda nne siku za solo. Muuzaji abaki na sifuri yake.