Netflix ya nyumba moja Nyegezi, mwenye akaunti alipohamia Geita

Tunaishi nyumba ya kupanga Nyegezi, jijini Mwanza, na kwa muda mrefu tumechangia akaunti moja ya Netflix kama tunavyochangia luku na maji. Kuhusu filamu na ubora wa picha watu wameshaandika vya kutosha. Mimi nataka kuandika kuhusu siku mtu anapofunga mizigo yake, kwa sababu hapo ndipo urafiki wa nyumba unapojaribiwa na ndipo nilipoielewa vizuri huduma hii ninayoilipia.

Kifurushi chetu kilikuwa cha Standard, ambacho kinaruhusu vifaa viwili kuonyesha kwa wakati mmoja. Akaunti moja inabeba profaili hadi tano, kwa hiyo sote wanne tulikuwa na profaili zetu na nafasi moja ikabaki. Watu hapa huchanganyikiwa: profaili tano si ruhusa ya watu watano kutazama kwa pamoja. Sebuleni runinga ikiwa imewashwa na mwenzako chumbani anatazama kwa simu, wa tatu akibonyeza anaambiwa watu wanaotumia akaunti wamezidi. Sisi tulilimaliza hilo kwa makubaliano kwamba saa mbili hadi saa nne usiku runinga ya sebuleni ina haki ya kwanza. Anayetaka kutazama chumbani muda huo apakue mapema, maana kilichopakuliwa unakitazama hata bila bando.

Wa kwanza kuhama alikuwa mwenzetu wa chumba cha nyuma. Barua pepe ya akaunti haikuwa yake wala kadi ya malipo haikuwa yake, kwa hiyo tulidhani kazi ni nyepesi. Dada yetu mkubwa, mwenye akaunti, akaifuta profaili ya aliyehama na sote tukaona mambo yamekwisha. Baada ya muda, kwenye profaili yangu, katika mstari wa vipindi ulivyoacha katikati, nikaanza kuona tamthilia ambayo sijawahi kuifungua. Mtu alikuwa anaingia kupitia profaili yangu.

Tuelewane hapa: kufuta profaili hakumtoi mtu kwenye akaunti. Profaili ni droo tu ya kuweka historia na orodha zake. Ukiiondoa droo, simu yake bado imeingia kwenye akaunti, na akifungua programu anaona majina yaliyobaki na kuchagua lolote lisilo na pini. Kinachomtoa ni nenosiri jipya, pamoja na kuviondoa vifaa vyote vilivyoingia kwa nenosiri la zamani. Ukiwa unabadilisha nenosiri kuna kisanduku kinachouliza kama vifaa vyote viingie upya kwa nenosiri jipya. Kisipowekwa alama, kifaa kilichokuwa ndani kinaweza kubaki ndani.

Kabla ya hapo, ingia kwenye ukurasa wa akaunti, tafuta mahali palipoandikwa "Manage access and devices". Mimi napapenda sana hapa. Panaonyesha kila kifaa kilichotumika karibuni, profaili iliyotumika, tarehe, na eneo lilipo kifaa kwa kukadiria. Kwetu tuliona runinga ambayo haipo nyumbani. Unaweza kuondoa hapo hapo kifaa kimoja kimoja bila kuwasumbua wengine, lakini kama nenosiri ni lile lile, anaingia tena kabla hujafunga simu. Kwa hiyo pale ni pa kuchunguza kwanza, kisha ndiyo nenosiri libadilishwe. Usishangae pia kama kifaa hakitoki papo hapo, maana wakati mwingine inachukua saa kadhaa.

Dada alimpigia mwenzetu simu kabla ya kubadilisha. Akamwambia, "Mdogo wangu, leo usiku nabadilisha nenosiri, kama una kitu unakimalizia kimalize." Nadhani ile simu ilikuwa na thamani kuliko mipangilio yote. Hela nayo tukaiweka sawa. Tuseme mwezi ni shilingi 24,000 kwa watu wanne, kila mtu anatoa 6,000. Mtu akiondoka zikiwa zimebaki siku 10 kati ya 30, theluthi ya mchango wake bado haijatumika, yaani 2,000. Wanaobaki wanamrudishia kwa simu, na habari inaishia pale. Netflix yenyewe hairudishi hela ya siku zilizobaki, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya wapangaji wenyewe na ni vizuri ijulikane tangu siku ya kwanza ya kuchangia.

Uzito ulikuja baadaye, dada mwenyewe alipopata kazi Geita. Barua pepe ya akaunti ilikuwa yake, namba ya simu yake, kadi ya mtandaoni iliyotolewa kwenye simu yake, na ruta ya waifai ni yake pia. Kwa nia njema kabisa akatuambia, "Wadogo zangu, msihangaike, endeleeni kutumia, mtakuwa mnanitumia mchango kila mwezi." Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 Geita imekuwa karibu, na yeye aliona kama hajahama kweli.

Nilimjibu, "Dada, tunashukuru, lakini haitakubali." Akaunti ya Netflix ni ya watu wa nyumba moja. Tangu 2023 kampuni inasimamia hilo kwa kile inachokiita "Netflix Household", yaani vifaa vinavyotumia intaneti ya mahali pale mnapotazamia zaidi, na runinga ndiyo inayopima. Simu ya mtu aliye safarini huwa haina shida kubwa. Runinga ikiwa kwenye intaneti nyingine ndiyo inaambiwa kwamba si ya nyumba ya akaunti hii.

Na ndivyo ilivyotokea. Dada alipobeba ruta yake tukaweka intaneti nyingine, na runinga ya sebuleni ikatuletea ujumbe huo, ingawa haikusogea hata hatua moja kutoka ukutani. Ilichoona ni intaneti mpya tu. Dawa yake ni kuthibitisha nyumba upya kwenye runinga ile ile: unachagua kusasisha, kisha kiungo kinatumwa kwenye barua pepe au namba ya simu ya akaunti. Kiungo hicho kinaishi dakika 15. Dada alikuwa kazini, simu imewekwa kabatini, na sisi tumekaa mbele ya runinga tunasubiri. Tulifanikiwa usiku alipotoka. Lakini hapo sote watatu tuliona wazi kwamba mwenye barua pepe ndiye mwenye akaunti. Hata mngebadilisha nenosiri mara ngapi, yeye anaweza kuomba jipya kupitia barua pepe au namba yake. Na kinyume chake, nyinyi hamwezi kutengeneza chochote kikiharibika bila yeye kuwa karibu na simu.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni dada kutuachia akaunti: aweke barua pepe yangu badala ya yake, namba yangu badala ya yake, kadi yangu badala ya yake, halafu ndiyo nibadilishe nenosiri. Vyote vitatu lazima vihame pamoja. Barua pepe ikihama na namba ikabaki, bado kuna mlango. Kadi ikibaki, atakatwa hela ya watu asioishi nao, na kwenye kadi ya simu kisipokuwepo kiasi cha kutosha malipo yanakwama na wote mnasimamishwa. Njia hii hatukuichukua kwa sababu dada alitaka kubaki na historia yake ya miaka yote, na ni haki yake.

Tulichagua ya pili, sisi kutoka na vitu vyetu. Netflix walileta uhamishaji wa profaili mwaka 2022, na kwangu mimi hiki ndicho kitu bora kabisa kwa wanaoishi kwa kuchangia. Kwanza mwenye akaunti aruhusu uhamishaji kwenye mipangilio ya akaunti yake. Kisha wewe unafungua profaili yako, unachagua "Transfer Profile", unaandika barua pepe yako na nenosiri lako jipya, unachagua kifurushi na kulipa. Historia, orodha ya unavyotaka kutazama na mapendekezo vinakuja nawe. Mwenye akaunti anapata ujumbe kwamba profaili imehamishwa, kwa hiyo hakuna kinachofanyika kwa siri.

Mimi nilifungua akaunti mpya kwa njia hiyo. Mdogo wetu wa tatu hakuhitaji kufungua yake, kwa kuwa profaili inaweza pia kuhamishiwa kwenye akaunti ambayo tayari ipo. Alichagua hivyo, tukaingiza taarifa za akaunti yangu, na profaili yake ikatokea kando ya yangu. Sasa runinga ya sebuleni imeingia kwa akaunti yangu, nyumba imethibitishwa kwa intaneti yetu, na kiungo kikihitajika kinakuja kwenye simu iliyopo hapa hapa.

Tuliupanga uhamishaji ufanyike siku chache kabla ya tarehe ya malipo ya dada. Mwezi uliokuwa umelipwa tuliutumia wote mpaka mwisho, hivyo hakuna aliyemdai mwenzake. Yeye naye akateremsha kifurushi chake kuwa cha kifaa kimoja, maana sasa anatazama peke yake. Ukiteremsha hivyo, badiliko linaanza tarehe ya malipo inayofuata, si siku hiyo hiyo. Angetaka kuacha kabisa ingekuwa hivyo pia: unasitisha leo, unaendelea kutazama hadi siku ulizolipia ziishe.

Kwa wapangaji wanaokaa pamoja naipa Netflix nyota nne. Nyota ya tano naiweka kando kwa sababu ya ule uthibitisho wa dakika 15, ambao ni mgumu mwenye akaunti akiwa mbali, na kwa sababu kitufe cha kufuta profaili hakimwambii mtu kwamba aliyefutwa bado anaweza kuingia. Sentensi moja tu pale ingewasaidia wengi.

Kitu cha mwisho kwa atakayehamisha: profaili ya zamani haiondoki yenyewe kwenye akaunti uliyotoka, inabaki pale kama nakala. Hakikisha kwanza orodha yako na historia vimefika kwenye akaunti mpya, ndipo umwombe mwenye akaunti aifute. Dada alizifuta zetu mbili akiwa Geita, akatutumia picha ya skrini kwenye kundi la nyumba, jina lake likiwa peke yake.