Jeli ya chunusi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mpwa wangu wa Kisauni alinunua benzoili peroksaidi ya asilimia 10, akidhani kali ndiyo dawa. Akaipaka asubuhi na jioni. Siku ya nne mashavu yalikuwa yanachunika kama samaki aliyeparwa, na mtandio wake mweusi umetoka mabaka ya rangi ya kutu, maana dawa hii huchujua nguo. Chunusi zilipoa, lakini madoa meusi ya ule muwasho yalikaa miezi.

Ndiyo maana asilimia 10 naiweka mwisho kabisa. Ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa nayo bila kuunguza vile, na kwa chunusi nyekundu zenye usaha ndiyo chaguo langu la kwanza. Ukiikosa, chukua ya 5.

La pili ni adapalini ya asilimia 0.1, ya jamii ya retinoidi, ambayo huzuia vitundu vya ngozi kuziba. Kama shida yako ni vipele vidogo vidogo na vichwa vyeusi, basi ipandishe iwe ya kwanza. Tretinoini ya asilimia 0.025, nayo ya jamii hiyo hiyo, naiweka ya tatu: inasaidia, ila huchoma zaidi na mwanga huiharibu. Mjamzito au anayetafuta mimba asitumie retinoidi.

Nunua moja tu. Kipimo chake ni punje moja ya mbaazi, hizi hizi za kulia mahamri, nayo inatosha uso mzima. Ukishaosha uso jioni, ngoja kama dakika 20 ukauke kweli; kwa joto letu keti karibu na feni, kwani ngozi yenye jasho huwashwa zaidi. Weka vitone kwenye paji, mashavu na kidevu, kisha usambaze. Epuka macho, midomo na pembe za pua.

Wiki mbili za mwanzo paka Jumatatu na Alhamisi pekee. Ngozi ikivumilia, paka usiku mmoja uruke mmoja, halafu kila usiku. Ukavu na kuchonyota kidogo ni kawaida, na retinoidi huweza kuzidisha vipele mwanzoni. Subiri wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumu. Uso ukivimba au ukitoka malengelenge, acha, umwone daktari.

Bei ya jeli ihesabu pamoja na losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi. Anayengoja feri Likoni saa sita mchana na ngozi iliyolainishwa na retinoidi ataungua, na ngozi yetu ikiungua huacha doa. Kama pesa hazitoshi vyote viwili, jeli isubiri mwisho wa mwezi. Na tyubu iliyopangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, mwambie muuzaji akutolee nyingine ya ndani.