Fomu ya Karatasi Kuwa Fomu ya Kujazia kwa Kompyuta: Njia Ipi Inastahili Fedha Yako?

Fomu niliyoitumia kupima njia hizi ni ya maombi ya mkopo ya chama chetu cha akiba: ukurasa mmoja wa A4 wenye mistari ya nukta ya kujazia majina, jedwali la wadhamini wawili, na safu ya visanduku 20 vya namba ya NIDA, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 5. Faili la awali lilipotea zamani, ikabaki karatasi tu, na wanachama walitaka fomu ileile waliyoizoea, isipokuwa ijazwe kwa kuchapa.

Nafasi ya kwanza naipa LibreOffice Draw, ambayo hailipiwi chochote. Ubora wake ni kwamba haikisii mpangilio wa ukurasa. Kila neno hukaa pale ulipoliweka. Skani karatasi kwa nukta 300 kwa inchi, tena kwa skana ya kioo, kwa sababu picha ya simu iliyopigwa kwa mshazari huufanya ukingo mmoja wa karatasi kuwa mfupi kuliko mwingine, na mistari haiwezi kulingana tena. Ingiza picha hiyo, bonyeza F4, uipe upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7, kisha uifunge isisogee. Chapa maneno na uchore mistari juu yake, ukifuatisha ya zamani, na mwisho uifute picha yenyewe. Nafasi za kujazia huwekwa kwa upau wa `Form Controls`, na unapotoa PDF hakikisha `Create PDF form` ina tiki, la sivyo utapata ukurasa mzuri usioandikika. Gharama yake ni muda: ukurasa ule ulinichukua alasiri nzima.

Palipo na ugumu ni kwenye visanduku vya NIDA. Ukiweka nafasi moja ndefu ya kujazia, tarakimu hukusanyika upande wa kushoto na kukanyaga mistari. Nilitumia fonti ya Courier ya ukubwa wa 12, ambayo kila herufi yake huchukua milimita 2.54, nikawaelekeza wajazaji waache nafasi moja baada ya kila tarakimu. Tarakimu na nafasi yake huwa milimita 5.08, na hadi kisanduku cha mwisho tofauti haizidi milimita 1.6, hivyo kila tarakimu hubaki ndani ya kisanduku chake. Hata hivyo, njia hii humtegemea mjazaji akumbuke kuacha nafasi, na wengine husahau.

Kwa hiyo mwenye fomu nyingi za visanduku anunue Acrobat Pro, ninayoiweka nafasi ya pili kwa sababu tu hulipiwa kila mwezi au kila mwaka. Ndani yake unaondoa tiki nyingine zote kwenye `Options` za nafasi hiyo, unateua `Comb of characters`, unaandika 20, na nafasi ya milimita 100 hugawanyika sawasawa yenyewe. Zana ya `Prepare Form` pia hutafuta mistari na visanduku na kuviwekea nafasi za kujazia, ingawa ni lazima upitie kimoja kimoja, maana inaweza kuweka nafasi ya kuchapa hata pale penye sahihi ya mkono. Ujue pia kwamba picha ya skani hubaki chini, kwa hiyo madoa na ukungu wa karatasi ya zamani vitaonekana kwenye nakala utakayoprinti. Wajazaji hawahitaji kununua chochote. Acrobat Reader ya bure inawatosha.

Ya tatu ni kumlipa mchapaji wa steshenari. Patana naye kwanza kwamba atakupa faili linaloharirika pamoja na PDF, na usimalize kulipa kabla ya kujaribu. Bonyeza Tab uone kama kielekezi kinafuata mpangilio wa maswali. Andika jina refu la maneno manne. Kisha printi kwa `Actual size`, kwani `Fit` huupunguza ukurasa, na uiweke karatasi hiyo juu ya ile ya awali mkabala na dirisha. Mistari ikipishana kwa zaidi ya milimita moja au mbili, irudishe.

Mwisho kabisa naweka kuigeuza skani kuwa faili la Word, iwe kwa programu au kwa tovuti. Maneno husomwa vizuri kiasi, lakini mistari ya nukta huwa nukta halisi, na mtu akianza kuandika jina lake nukta husukumwa hadi mstari wa pili, jedwali hushuka, na sehemu ya wadhamini huhamia ukurasa mwingine. Kwa tovuti kuna hatari zaidi: fomu iliyokwisha jazwa ina namba za vitambulisho na sahihi za watu, kwa hiyo usipakie huko ila iliyo tupu.