Fulana 120 za Mei Mosi: skrini, DTF au darizi?

Ikifika katikati ya Aprili, mafundi wa kuprinti Kariakoo hawana usingizi. Kila chama na kila ofisi inataka fulana za maandamano, na wote wamekumbuka wiki hiyohiyo. Mwaka huu mzigo uliniangukia mimi: fulana 120 za nevi bluu, nembo ya nyekundu na dhahabu kifuani, kaulimbiu kwa maandishi meupe mgongoni.

Kwa oda kama hiyo, namba moja ni skrini. Fundi hutengeneza fremu moja kwa kila rangi, kisha anachapa fulana moja baada ya nyingine. Gharama kubwa iko mwanzoni, kwenye fremu. Tuseme kila fremu ni 15,000 na unahitaji 4: hiyo ni 60,000, ambayo ukiigawa kwa fulana 120 ni 500 tu kila moja. Ukiigawa kwa fulana 10 ni 6,000, na hapo skrini haikufai tena.

Kwa nini 4, wakati rangi ni 3? Kwa sababu kitambaa ni cha giza. Nyekundu ikipakwa moja kwa moja juu ya nevi bluu hufifia ikawa kama kahawia, kwa hiyo chini yake lazima itangulie nyeupe, nayo ina fremu yake. Mgongoni ndiyo fremu ya nne. Niliwahi kuletewa fulana 40 ambazo fundi alikuwa ameruka hiyo nyeupe ya chini. Dhahabu yote ilionekana kama haradali iliyokauka. Muulize kabla hajakupa bei.

Namba mbili ni DTF. Picha inaprintiwa kwenye filamu, inamwagiwa unga wa gundi, kisha inabandikwa kwa mashine ya joto. Haina fremu, rangi ziwe mbili au ishirini bei ni ileile, na nyeupe ya chini inatoka humohumo. Chini ya fulana 20 hivi mimi nachagua hii bila kusita. Ubaya wake: nembo pana inakaa kama karatasi ya nailoni kifuani, na kwenye jua la Dar utaisikia.

Darizi naiweka ya tatu, kwa fomu siksi 6 za viongozi tu, zile fulana za kola. Inapendeza na inadumu, lakini nembo iwe ndogo, na maandishi membamba hugeuka fundo la nyuzi. Sublimesheni, ile ya wino unaoingia kwenye kitambaa kwa joto, inataka poliesta ya rangi nyepesi, kwa hiyo hapa haimo kabisa.

Baada ya hapo, faili. Usitume nembo kwa WhatsApp kama picha, maana inabanwa. Itume kama dokyumenti, na afadhali liwe faili la vekta, yaani PDF au CDR iliyotoka kwa aliyeichora. Picha ya upana wa pikseli 400 ukiitandaza kwa sentimita 25, kingo zitakuwa na meno kama msumeno. Andika pia vipimo: nembo sentimita 9, kifua cha kushoto.

Saizi nazo usiziandike kwa kukadiria. Sisi tulikuwa na S 12, M 38, L 40, XL 22 na XXL 8. Lakini L ya duka moja ni M ya jingine, kwa hiyo niliomba fulana moja ya kila saizi, nikawavalisha wenzangu ofisini kabla ya kulipa kianzio. Mama mmoja wa mapokezi alihama kutoka XL kwenda XXL papo hapo, na akanishukuru.

Sampuli ya kwenye simu inasaidia kukagua herufi tu. Idai iliyochapwa kwenye fulana ya rangi ileile uliyoagiza. Ivute kidogo kwa vidole: rangi ikipasuka, haikuiva kwenye joto. Ifue mara moja, uipige picha, uisaini kwa peni pindoni, ubaki nayo. Ndiyo utakayolinganisha nayo mzigo.

Tarehe zihesabu kurudi nyuma. Tarehe 7 Aprili ni Karume Day, tarehe 26 ni Muungano, zote sikukuu. Mimi nilitaka mzigo tarehe 24, kwa hiyo sampuli niliipitisha tarehe 13 na kianzio kilitoka siku hiyohiyo. Kwenye profoma tuliandika saizi, idadi, tarehe, na kwamba fulana itakayoharibika mkononi mwa fundi ni juu yake.

Siku ya kupokea tulihesabu saizi kwa saizi palepale dukani. M zilikuwa 36. Salio nililishika hadi mbili zilizobaki zilipoletwa kesho yake na bodaboda, zikiwa bado na vuguvugu la mashine.