Orodha ya vifaa vya milango mitatu: fundi mmoja aliandika mbao 11, mwingine 13

Nilikuwa na milango mitatu ya vyumba ya kutengenezesha, ya mninga, kila mmoja na fremu yake. Nafasi ni ileile kote, futi 3 kwa 7. Kabla ya kutoa hela niliomba orodha ya vifaa kwa mafundi wawili wa hapa Dar, kazi moja, vipimo vilevile. Orodha zilikuja tofauti, na nyie mnajua tukiona hivyo tunakimbilia wapi: kwa yule aliyeandika kidogo. Nusura nifanye hivyo.

Fundi wa kwanza alijumlisha urefu wa vipande vyote vya 2x6, akapata futi 119 na nusu. Mbao zinauzwa futi 12, kwa hiyo akagawanya, ikaja kama mbao 10. Akaongeza asilimia 10 ya upotevu, akaandika 11. Kwenye kikokotoo cha simu hesabu yake haina kosa hata moja.

Wa pili alikuja nyumbani na futi kamba, penseli sikioni, akapima kila nafasi mara tatu: juu, katikati na chini. Orodha aliiandika nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji, amechuchumaa barazani. Mbao za 2x6 aliandika 13. Nikamwambia mwenzake amesema 11. Akacheka, akaniambia, "Dada, hebu nihesabie vipande vya futi saba tu."

Tukahesabu. Kila fremu ina miimo miwili ya futi 7, na kila mlango una vipande viwili vya wima vya futi 7. Kwa milango mitatu ni vipande 12. Sasa chukua ubao wa futi 12, kata futi 7, unabaki na futi 5. Kipande kingine cha futi 7 hakitoki hapo hata umwombe vipi. Maana yake kila ubao unatoa kipande kirefu kimoja tu, na kwa vipande virefu 12 huwezi kushuka chini ya mbao 12. Yule wa kwanza angenunua 11, halafu katikati ya kazi angekosa mwimo mmoja. Hapo ama anarudi dukani kutafuta ubao mmoja ambao rangi yake haitafanana na wenzake, ama anaunga, na mwimo ulioungwa ndio unaobeba bawaba.

Kilichonifurahisha zaidi ni huyu wa pili alivyovipangia kazi vile vya futi 5 vilivyobaki. Kila fremu inahitaji kipande cha juu cha futi 3 na inchi 4, kwa sababu kinatokeza inchi 2 kila upande kuingia ukutani. Hivyo ni vipande 3. Kila mlango una vipande vitatu vya kulala, cha juu, cha kitasa na cha chini, kila kimoja futi 2 na inchi 10 pamoja na ndimi zake. Hivyo ni 9. Jumla 12, na mabaki ya futi 5 ni 12. Hakuna ubao hata mmoja ulionunuliwa kwa ajili ya vipande vifupi. Kinachotupwa ni vigutu vya kama futi 2 kila ubao.

Kwa hiyo upotevu halisi wa kazi hii si asilimia 10. Ukilinganisha mbao 12 na futi 119 na nusu zinazohitajika, umenunua kama asilimia 20 zaidi, na hapo bado hujakutana na ubao mbovu. Ule wa 13 ndio aliouwekea ubovu, na kweli ulifanya kazi. Mmoja kati ya tulizonunua ulikuwa umejipinda kama upinde. Dukani hatukuuona kwa sababu ulikuwa chini ya lundo, na mpakiaji alikuwa na haraka. Fundi hakuutupa. Aliukatia vipande vifupi, maana kwenye futi 3 mpindo hauonekani sana na randa inaumaliza, halafu mwimo ukatoka kwenye ubao wa 13.

Kwa paneli aliandika 1x12, mbao 4. Kila mlango unakula ubao mmoja: vipande vinne vya futi 2 na inchi 10, viwili viwili vinagundishwa kupata upana. Vinafika futi 11 na inchi 4, yaani pumzi ni inchi 8 tu. Wa nne ni kwa sababu ya ile sehemu nyeupe ya mninga. Ubao mpana mara nyingi huja nayo pembeni, na hiyo ndiyo wadudu wanayoipenda. Kiini chekundu hawakigusi kirahisi. Ukiikata, upana umepungua na kipande hakitoshi tena. Hapa nilibisha, nikanunua 3. Nikarudi dukani wiki iliyofuata kuchukua wa nne, nauli ya bodaboda juu yangu.

Bawaba za inchi 4 aliandika jozi 5. Kila mlango tatu, jumla 9, lakini zinauzwa jozi, kwa hiyo utake usitake unabeba 10. Mninga ni mzito, usikubali bawaba mbili, mlango utaanza kukwaruza sakafu.

Skrubu ni hesabu ya matundu. Bawaba zetu zina matundu 8, mara 9 ni skrubu 72. Aliandika 80, inchi moja na nusu, namba 8, za shaba. Zile 8 za ziada hazitokani na kukata, zinatokana na kuvunjika. Shaba ni laini na mninga ni mgumu, ukilazimisha kichwa kinakatika na mwili unabaki ndani. Nilimwona akitoboa kwanza kwa keekee, kisha anaingiza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ili ifungue njia, anaitoa, ndipo anaweka ya shaba. Hata hivyo zilikatika tatu, na mbili tulizitafuta kwenye vumbi la msumeno mpaka tukakata tamaa.

Sasa lawama zangu. Orodha haikusema vipimo ni vya mbao kabla ya randa au baada. Mimi nilipopima mlango uliokamilika nikakuta unene chini kidogo ya inchi 1 na robo tatu, nikadhani nimeibiwa, kumbe 2x6 ikishapigwa randa pande zote ndivyo inavyobaki. Angeandika neno moja tu tusingegombana. Gundi, msasa na vanishi hazikuwemo kabisa, aliziomba kidogokidogo kwa simu, na hizo elfu tano tano zikijumlishwa zinauma. Na hatukukubaliana mapema mabaki ni ya nani. Nilikuta vigutu vyangu vimeshaanza kuwa stuli ya mtu mwingine, nikavidai, akanirudishia bila maneno.

Kwa kupima na kuandika alinitoza elfu ishirini, akaikata kwenye ufundi nilipompa kazi. Nampa nyota nne kwa tano, ile ya tano imeliwa na msasa. Kama bado una orodha ya fundi mkononi, kabla ya kulipa mwulize kila ubao unakatwaje na kinachobaki kinakwenda wapi. Wangu alinichorea mistari 12 kwenye ile karatasi ya saruji, kila mmoja na alama ya futi 7. Bado ninayo, imekunjwa kwenye droo pamoja na bawaba ya kumi.